Maneno ya chini ya picha ya kilima cha Shela

Picha ninayoizungumzia ilipigwa asubuhi moja ya mwezi wa Agosti juu ya vilima vya mchanga vya Shela, katika kisiwa cha Lamu. Aliyeipiga ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye hupanda vilima hivyo na wenzake kila wanapopata nafasi. Kwenye ukingo wa juu wa mchanga amesimama shangazi yake, viatu mkononi, ameipa kamera mgongo. Nyayo zake zinaonekana zikimfuata kutoka upande wa bahari. Mbele yake kilima kinashuka kwa ghafla hadi kwenye vichaka vya kijani, na baada ya vichaka kuna mapaa ya makuti ya Shela, mnara mweupe wa Msikiti wa Ijumaa, mkondo wa maji, na ng'ambo ya mkondo kisiwa cha Manda. Bahari kuu, ambayo kila mgeni huipiga picha akifika pale juu, haimo hata kidogo, kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameipa mgongo.

Alinitumia picha hiyo pamoja na mistari mitatu aliyokuwa akiifikiria: "Hatimaye kileleni", "Haikuwa rahisi, lakini tumefika", na "Mandhari mazuri huja baada ya mlima mgumu". Alisema mwenyewe kwamba hakuna hata mmoja uliomridhisha, ila hakujua kwa nini. Kwa kuwa nimeandika maelezo ya picha za jarida kwa miaka mingi, aliniomba tuketi pamoja tuyatafute maneno mengine. Ninayaandika hapa yale tuliyoyapitia kwa sababu naamini picha ya kilima hustahili kushughulikiwa kwa makini kama picha ya arusi au ya mnada wa samaki, na mara nyingi hainyimwi chochote ila hilo.

Jambo la kwanza nililomwomba afanye ni kuiziba picha kwa kiganja na kuusoma mstari peke yake, kisha ajiulize kama mstari huo ungeweza kuwekwa chini ya picha ya mlima mwingine wowote. "Haikuwa rahisi, lakini tumefika" unakaa sawasawa chini ya picha ya mtu aliyesimama Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, baada ya siku kadhaa za baridi na kukosa pumzi. Unakaa chini ya picha ya Longonot, ambao hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Na unakaa pia chini ya picha ya kilima cha mchanga ambacho shangazi alikipanda kabla ya chai, akarudi nyumbani mandazi yakiwa bado ya moto. Mstari unaokaa kote hivyo haujasema lolote kuhusu mahali ulipowekwa. Tena kwa kilima chetu una kasoro ya pili, nayo ni kwamba unamfanya msomaji adhani kulikuwa na taabu kubwa, ilhali haikuwako.

Kuna sababu nyingine, inayotokana na mchanga wenyewe, inayofanya habari ya kufika kileleni isiwe habari pale Shela. Kilele cha kilima cha mchanga hakikai mahali pamoja. Upepo wa Kusi, unaovuma kutoka baharini takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, huisukuma chembe moja baada ya nyingine kuupanda mteremko wa upande wa bahari, ambao kwa hiyo huwa mrefu, wa taratibu, na mgumu kidogo chini ya unyayo. Chembe zikifika ukingoni huanguka upande wa pili, na upande huo hujijenga kwa mwinamo mkali wa digrii 30 na ushei, ambao ndio mwisho wa mwinamo ambao mchanga mkavu unaweza kuuvumilia kabla haujaporomoka. Ndiyo maana mtu akipanda kutoka ufukweni hutembea karibu kama anayetembea njiani, lakini akijaribu kupanda kutoka upande wa kijiji huzama hadi kwenye kifundo, na kila hatua humrudisha nyuma nusu yake. Pale ambapo mimea itambaayo imeshika, mchanga hutulia. Pale ambapo hakuna mmea, ukingo husogea. Kwa hiyo mahali aliposimama shangazi mwezi wa Agosti huenda pasiwe ndipo penye ukingo mwaka ujao. Mwenye kuandika "kileleni" anasimulia jambo ambalo kilima chenyewe hakilijui.

Mpwa wangu alipolisikia hilo alitaka papo hapo tuandike kuhusu mchanga unaohama. Nilimwomba asubiri. Katika kazi ya maelezo ya picha, sentensi huja baada ya maswali, na maswali yenyewe huulizwa hata kama aliyepiga picha ni mtu wa nyumbani na anaona unamsumbua. Kamera ilikuwa inatazama upande gani? Ilikuwa saa ngapi, na umejuaje? Aliyemo ni nani, na amekubali aonekane? Vitu vilivyo mbali vinaitwaje, na nani amekuthibitishia? Nini kilikuwa nje ya picha, kushoto na kulia? Majibu mengi hayataingia katika maelezo, lakini bila ya kuwa nayo mtu huandika kwa kubahatisha.

Swali la saa lilikuwa na faida kubwa kuliko nilivyotarajia. Rafiki yake mmoja, alipoonyeshwa picha kwenye simu, alisema rangi ile ya dhahabu juu ya mchanga ni ya machweo, na akapendekeza neno hilo liwemo. Picha yenyewe ilikuwa na jibu. Kamera ilitazama kaskazini, kwa kuwa kijiji cha Shela na mkondo viko mbele na bahari kuu iko nyuma. Kivuli cha shangazi, kirefu kuliko yeye mwenyewe, kimelala upande wa kushoto, yaani magharibi. Kivuli kikilala magharibi, jua liko mashariki, na jua lililo chini upande wa mashariki ni la asubuhi. Simu nayo ilikuwa imehifadhi saa ya kupigwa kwa picha, saa moja na robo, lakini saa ya simu inaweza kuwekwa vibaya na kivuli hakiwezi. Na hata kama ingekuwa jioni, pale Shela jua halizami katika bahari kuu iliyo mbele ya ufuko, bali huzama upande wa bara. Nimeona picha nyingi za ufuko wetu zilizoandikwa "machweo baharini" na watu waliokuwa wakitazama macheo.

Kuhusu majina ya mbali tulimwuliza ami yangu, ambaye alikuwa nahodha na amepita katika mkondo ule maisha yake yote. Mpwa alikuwa amesikia kutoka kwa wenzake kwamba ardhi ya ng'ambo ni Pate. Ami aliishika simu mbali na macho yake, akaitazama kwa muda, akasema, "Hiyo ni Manda, mwanangu. Pate iko nyuma yake, mbali, na kwa hapo ulipo huioni." Kisha akaonyesha kwa kidole mahali Ras Kitau ilipo, ncha ya Manda inayotazamana na Shela, ambayo katika picha imekatwa na ukingo wa kulia. Kwa jibu hilo tulipata jina moja la kuandika na majina mawili ya kuacha. Manda ina magofu ya Takwa pia, mji ulioachwa na watu wake karne kadhaa zilizopita, na mpwa alitamani sana kuyataja. Lakini magofu hayaonekani katika picha, yako mbali na upande ule, na msomaji angeyatafuta kati ya mikoko bila ya kuyapata.

Sasa ndipo tukawa na mambo matatu yaliyostahili kuandikwa: mchanga unaohama, vita vya Shela, na maji. Yote matatu ni ya kweli na yote ni ya mahali pale. Ugumu ni kwamba maelezo ya picha hubeba jambo moja vizuri, mawili kwa shida, na matatu hayabebi kabisa.

Vita vilimvutia mpwa kuliko vyote, na si ajabu, kwa sababu kila mtoto wa Lamu amevisikia. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela ili kuitia Lamu mkononi, na watu wa Lamu wakayashinda hapo hapo ufukweni. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyoko mjini ikakamilishwa karibu na mwaka 1821. Inasimuliwa pia kwamba mifupa ya waliouawa imekuwa ikifichuliwa na upepo mchangani. Mpwa alikuwa na sentensi tayari: "Tunatembea juu ya mashujaa." Nilimweleza kwa nini nisingeiweka. Kwanza, picha haionyeshi lolote la vita. Inaonyesha mwanamke aliyeshika viatu vyake na kijiji kinachoamka, kwa hiyo msomaji angelazimika kuiacha picha ili aifuate sentensi. Pili, waliokufa pale walikuwa wa pande zote mbili na wote ni maiti za Waislamu waliostahili kaburi. Kuwataja kwa sentensi moja ya kusisimua, chini ya picha ya matembezi, ni kuwapunguzia heshima. Habari ile inahitaji ukurasa wake, na picha yake.

Mchanga unaohama ulikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu unaonekana: ukingo mkali, mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine, viwimbi vidogo vya mchanga vilivyolala kukingamana na upepo. Lakini kuhama hakuonekani katika picha moja. Kungehitaji picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja mwanzo wa Kusi na nyingine mwisho wake. Nilimshauri aanze kuzipiga, akisimama penye alama isiyohama, kwa mfano mnara wa msikiti ukiwa umelingana na kitu kingine kilicho nyuma yake. Hiyo itakuwa picha ya mwaka mwingine.

Yakabaki maji, na hapo ndipo nilipoona kwamba mpwa wangu, kwa kuipa bahari mgongo, alikuwa amepiga picha nzuri kuliko alivyojua. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile haitiririki kwenda baharini. Mchanga huimeza mara moja, maji hushuka hadi yanapokutana na maji ya chumvi yaliyojipenyeza chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake bila ya kuchanganyika sana. Visima vilivyochimbwa chini ya vilima, upande uliokingwa na bahari, hufikia tabaka hilo la maji matamu, na kutoka huko hupelekwa mji wa Lamu kwa bomba. Tabaka hilo lina mpaka wake. Likivutwa kwa wingi kuliko mvua inavyolijaza, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na watu huyajua kwa ulimi kabla ya chombo chochote cha kupimia: chai hubadilika ladha na sabuni haitoi povu. Vilevile vilima vikijengwa au vikichimbwa mchanga, chujio na ghala huondoka pamoja. Hii ndiyo sababu mabishano juu ya ardhi ya vilima vya Shela huwa makali kiasi kile, na mgeni akiyasikia hushangaa kwamba watu wanagombania mchanga mtupu.

Katika picha, jambo hilo lina ushahidi wake. Chini ya mteremko mkali, pale ambapo macho ya shangazi yameelekea, ule ukanda wa vichaka vya kijani uko mahali ambapo maji hayako mbali, na kati ya vichaka kinaonekana kifuniko cha saruji cha kisima, kidogo kama ukucha. Msomaji asingekitambua bila ya kuambiwa. Akiambiwa, huirudia picha na kukitafuta, na hilo ndilo ninalolitaka kutoka kwa maelezo yoyote: yamrudishe mtu kwenye picha akiwa na jambo la kutafuta.

Tuliandika mara kadhaa. Mpwa alianza hivi: "Juu ya vilima vizuri vya Shela, ambako mchanga na anga hukutana, kuna siri ya maji." Niliondoa "vizuri", kwa sababu picha inaonyesha uzuri na haina haja ya shahidi, niliondoa mchanga na anga kukutana, kwa sababu vinaonekana, na niliondoa "siri", kwa sababu kila mtu wa Lamu anajua maji yake yanatoka wapi. Baada ya kuondoa hayo hakikubaki kitu, na mpwa alinyamaza kidogo, lakini hatukuwa tumepoteza chochote.

Mara ya pili aliandika: "Mji wa Lamu hunywa mvua inayonyesha juu ya mchanga huu." Sentensi hii nilipenda uti wake wa mgongo. Nilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza lilihusu neno "hunywa". Si kila maji yanayonywewa Lamu yanatoka Shela. Kuna nyumba zenye visima vyao wenyewe, hata kama maji ya visima vingi vya mjini ni ya chumvichumvi, na kuna wanaokinga mvua au kununua maji ya chupa. Mtu wa mjini akisoma atasema, "Mimi sinywi hayo," na atakuwa na haki. Tukiandika "maji ya bomba ya mji wa Lamu" tunasema kile tunachoweza kukitetea. Swali la pili lilihusu wakati. Agosti si mwezi wa mvua kubwa. Masika huwa yamepita, na mwezi wa Mei ndio huleta mvua nyingi zaidi. Maji yaliyomo visimani asubuhi ile ni ya mvua zilizokwisha kunyesha, kwa hiyo "iliyonyesha" ndilo lenye kweli. Herufi chache tu, lakini zinamfanya msomaji afahamu kwamba mchanga mkavu anaouona umeshika kitu cha miezi iliyopita.

Sentensi ya kwanza ilibidi iwe hiyo, bila ya utangulizi, kwa sababu kwenye Instagram na mitandao mingine ya aina yake msomaji huonyeshwa mstari mmoja au miwili tu, na yaliyobaki hufichwa mpaka abonyeze. Nafasi yote inayotolewa huko ni kubwa, herufi 2,200, na watu wengi huichukulia kuwa ruhusa ya kuandika insha. Mimi huitazama ile mistari miwili ya mwanzo kama jina la kanga. Kanga ina mji na pindo na rangi za kila namna, lakini jina lake ni moja, limeandikwa mara moja, na mwenye kuichagua huwa anajua anamwambia nani. Nilimwuliza mpwa, "Wewe unamwambia nani?" Akajibu kwamba anawaambia wenzake wanaokuja Shela kutoka mjini, wanapanda, wanapiga picha, na kurudi, wala hawajui kwamba wamekanyaga maji yao wenyewe. Kwa jibu hilo sentensi ya mwanzo ilikuwa imepata mwenyewe.

Methali tulizijadili kwa muda mfupi. Mpwa aliona kwamba methali ni mali yetu na haiwezi kuwa chakavu. Maoni yangu ni kwamba methali hufaa chini ya picha pale inapoligusa jambo lililomo ndani ya picha kwa namna ambayo msomaji hakuitarajia. "Mpanda ngazi hushuka" chini ya picha ya kilima ni kitu ambacho kila mtu amekwisha kukiona, na hakituambii kuhusu Shela lolote ambalo ngazi ya nyumba yoyote isingetuambia. Tuliiacha.

Sentensi ya pili ilikuwa na kazi ya kumwongoza macho: amtazame nani, atafute nini, avitaje vipi vya mbali. Hapa panahitaji utaratibu, kutoka karibu kwenda mbali, ili jicho lisirukeruke. Ya tatu ilibeba mahali, mwezi, saa na upepo, na niliiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa anayeihitaji ataifikia na asiyeihitaji hajacheleweshwa. Upepo niliuweka kwa sababu unaeleza viwimbi vya mchanga na buibui la shangazi lililopeperuka upande mmoja.

Kabla ya kuandika kwa mara ya mwisho tulikuwa na jambo la adabu. Kilima cha Shela kiko juu kuliko mapaa, na simu za siku hizi huvuta vitu vya mbali karibu sana. Mapaa na nyua za nyumba zetu ni mahali ambapo wanawake hukaa wakiwa kwao, hawajajiandaa kuonwa na mpita njia, seuze na umma mzima. Tuliikuza picha kwa vidole, sehemu baada ya sehemu, na kwenye paa moja la kulia kulikuwa na mtu akianika nguo. Sura haikutambulika, lakini nyumba ilitambulika. Mpwa aliikata picha kidogo upande huo, na hatukuitaja nyumba yoyote kwa jina la mwenyewe. Shangazi naye aliulizwa. Alikubali kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, akasema "shangazi" inatosha, maana wanaomjua watamjua kwa mgongo. Mahali tulipaandika "Shela, Lamu" bila ya kubandika alama ya ramani juu ya ukingo wenyewe. Mimea inayoshika mchanga ni dhaifu, na njia moja inayopitwa na watu wengi inatosha kuufungulia upepo mlango.

Maelezo yalitoka hivi:

"Maji ya bomba ya mji wa Lamu ni mvua iliyonyesha juu ya mchanga huu. Shangazi anatazama chini, kwenye vile vichaka vya kijani: kati yake kuna kisima, ukikitafuta utakiona. Mbele zaidi ni mapaa ya Shela na mnara wa Msikiti wa Ijumaa, kisha mkondo, kisha Manda. Shela, Lamu, mwezi wa Agosti, saa moja na robo asubuhi, upepo wa Kusi."

Tuliongeza pia maelezo mbadala, yale yanayosomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona. Wengi huyaacha wazi, au hunakili humo maelezo yale yale ya chini ya picha, na yote mawili humnyima mtu huyo picha. Kazi ya maelezo ya chini ya picha ni kusema kisichoonekana. Kazi ya maelezo mbadala ni kusema kinachoonekana, kwa mpango na bila ya kupamba. Tuliandika: "Mwanamke aliyevaa buibui jeusi amesimama ukingoni mwa kilima cha mchanga, ametupa mgongo, viatu mkono wa kulia. Kivuli chake kirefu kimelala kushoto. Chini yake ukanda wa vichaka, kisha mapaa ya makuti, mnara mweupe wa msikiti wenye ncha, mkondo wa bahari na kisiwa cha chini chenye miti." Mpwa alisema kuandika hayo kulimfanya aone kwa mara ya kwanza kwamba shangazi yake alikuwa ameshika viatu mkono wa kulia. Siku nyingine nimemshauri aanze na hayo, kabla ya kutafuta sentensi ya kwanza, kwa kuwa yanamlazimisha mtu kuitazama picha yake.

Picha ilipopakiwa, waliouliza kuhusu kisima walikuwa wengi kuliko waliosifu mandhari, na mmoja wa wenzake wa mjini alitaka kujua njia. Mpwa alimjibu kwamba aanze mjini maji yakiwa yanakupwa, kwa sababu siku za bamvua maji yakijaa huifunika sehemu ya njia ya kando ya bahari kwenda Shela. Atembee dakika arubaini au zaidi kidogo hadi kijijini, apitilize hadi ufukweni, kisha apande kutokea upande wa bahari, ambako mchanga umeshikana, wala asiukanyage mteremko wa upande wa visima.